Kifaa Kimoja, Kadi Arobaini na Tatu

Tuchukue duka la mtandaoni la mfano. Linauza vocha za simu na umeme wa LUKU, na wateja wake wengi ni Watanzania walioko ughaibuni, kuanzia Maskati na Dubai hadi London. Mteja anaingia kwenye tovuti, anaandika namba ya simu ya ndugu yake aliyeko Tanga au Pemba, analipa kwa kadi ya benki, na baada ya sekunde chache simu ya ndugu inapata ujumbe kwamba salio limeingia. Hakuna mzigo wa kufunga wala bodaboda wa kutuma.

Mwenye duka amesikia habari za utapeli wa kadi, kwa hiyo ameweka kanuni moja kwenye mfumo wake: kifaa chochote kikifanya oda zaidi ya nane ndani ya saa moja, kifungiwe. Kanuni hiyo inaonekana ya busara. Nani ana haja ya kununua vocha mara tisa kwa saa moja?

Mama mmoja aliyeko Maskati anayo haja hiyo. Ni mkesha wa Idd. Ana wadogo zake wanne, shangazi wawili, jirani aliyemlea, na wapwa wawili walioanza chuo. Anakaa na simu yake na kuwatumia mmoja baada ya mwingine, huyu dola 5, yule dola 10, mtoto dola 3. Akifika wa tisa, mfumo unamfungia na kumwandikia kwamba shughuli yake imetiliwa shaka. Shangazi wa pili anabaki bila salio, na mama yule mwaka ujao atakwenda duka jingine.

Usiku huohuo, mtu mwingine ameketi mahali pengine na kompyuta. Naye anafanya oda ndogondogo mfululizo kutoka kifaa kimoja. Huyu ni mwizi, na kanuni ileile haimsumbui sana. Kwa kuwa inahesabu oda zilizokubaliwa tu, na za kwake karibu zote zinakataliwa, hesabu yake haifiki hata tatu.

Kasoro ya kanuni hiyo ndiyo kiini cha kazi yote ya kutambua oda za kutilia shaka. Wingi wa oda, ukiwa peke yake, hauelezi mengi. Kinachoeleza ni kitu gani kinabadilika kutoka oda moja hadi nyingine, na kitu gani kinabaki palepale. Kwa mama wa Maskati kadi ni moja na wapokeaji ni tisa. Kwa mwizi mpokeaji ni mmoja au wawili, na kadi ni makumi.

Lazima kwanza tuelewe mwizi anatafuta nini, maana vocha ya dola 1 si kitu cha kumkesha mtu. Anachotaka ni jibu. Mkononi ana namba nyingi za kadi, nyingine zimeibwa na kuuzwa kwa mafungu, nyingine amezitengeneza mwenyewe kwa programu. Hajui zipi ziko hai. Kila namba anayoiingiza dukani inakwenda hadi benki iliyotoa kadi, na benki inajibu: imekubaliwa, au imekataliwa kwa sababu fulani. Duka limekuwa tundu la ufunguo ambalo mtu mwenye shada la funguo za kuokota analijaribu moja baada ya jingine. Ufunguo ukizunguka, anauondoa kwenye shada na kwenda kufungulia nyumba nyingine, yaani kununua simu za bei kubwa kwenye duka jingine kabisa, au kuiuza ile kadi kwa bei ya juu kwa sababu sasa imethibitishwa kuwa inafanya kazi.

Ndiyo maana kiasi huwa kidogo. Dola 1 haimwamshi mwenye kadi usingizini. Wengi wakiuona ujumbe wa benki asubuhi wanadhani ni makato ya kawaida. Na ndiyo maana wezi hupenda maduka ya vocha, michango ya hisani na huduma za kulipia kila mwezi, ambako kiasi kidogo ni jambo la kawaida na jibu linarudi papo hapo.

Sasa tuangalie kumbukumbu za duka letu kwa karibu. Hizi ni oda tano za mwanzo za mwizi, kama zinavyoonekana kwenye kioo cha mwenye duka. Safu ya mwisho ni msimbo wa jibu la benki.

```
02:14:05  kifaa=7c1e  kadi=****0418  USD 1.00  14
02:14:19  kifaa=7c1e  kadi=****0426  USD 1.00  14
02:14:33  kifaa=7c1e  kadi=****0434  USD 1.00  54
02:14:48  kifaa=7c1e  kadi=****0442  USD 1.00  14
02:15:02  kifaa=7c1e  kadi=****0459  USD 1.00  51
```

Anza na saa. Ni saa nane na robo kasoro dakika moja usiku, na kati ya oda na oda kuna sekunde 14 au 15. Binadamu halipi hivyo. Mtu wa kawaida anatafuta kadi kwenye pochi, anakosea tarakimu, anafuta, anapokea simu, anarudi. Nafasi kati ya oda zake huwa dakika mbili, kisha sekunde arobaini, kisha dakika saba. Nafasi zinazolingana kiasi hiki ni za programu iliyopewa orodha.

Halafu tazama tarakimu nne za mwisho za kila kadi. Funika ile ya mwisho kabisa kwa kidole, usome zilizobaki: 041, 042, 043, 044, 045. Zinapanda moja moja. Hizi hazikuibwa kwenye pochi za watu watano, maana haiwezekani watu watano waliofuatana kwenye daftari la benki wakaibiwa na mtu mmoja usiku mmoja kwa mfuatano huo. Zimetengenezwa.

Na hiyo tarakimu ya mwisho uliyoifunika, 8, 6, 4, 2, kisha 9, nayo ina maelezo yake. Tarakimu ya mwisho ya kadi haichaguliwi, inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kanuni yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960. Ukihesabu kutoka kulia ukaiacha tarakimu ya mwisho, unaanza na inayoifuata na kuzidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili. Jibu likizidi 9 unajumlisha tarakimu zake mbili kuwa moja. Kisha unajumlisha zote, na tarakimu ya mwisho ni ile inayofanya jumla igawanyike kwa 10. Kwenye orodha yetu, tarakimu inayotangulia ya mwisho inapanda kutoka 1 hadi 4, na ikizidishwa inapanda 2, 4, 6, 8, kwa hiyo ya mwisho lazima ishuke 8, 6, 4, 2. Ikifika 5, mara mbili ni 10, inageuka 1, na ya mwisho inaruka hadi 9.

Luhn alikusudia kunasa makosa ya mtu anayenakili namba kwa mkono. Hakukusudia kuzuia wizi, na kanuni yake haizuii. Mwizi anaifahamu, na programu yake haitoi namba isiyopita kipimo hicho. Duka linaloona namba "sahihi" na kuridhika linaridhika na kitu ambacho mtoto wa sekondari anaweza kukikokotoa kwenye daftari.

Baki safu ya mwisho, na hapa ndipo pana utajiri zaidi. Msimbo 14 maana yake benki inasema hakuna kadi ya namba hiyo. Msimbo 54 unasema kadi imepitwa na muda, au tarehe iliyoandikwa si yake. Msimbo 51 unasema fedha hazitoshi. Kwa mwenye duka, zote tatu ni hasara ileile: hakuna mauzo. Kwa mwizi, tofauti ni kubwa sana. Jibu la 14 linamwambia aitupe namba. La 54 linamwambia kadi hiyo ipo, abadilishe tarehe tu. Na la 51 ni karibu sawa na kukubaliwa, kwa sababu linathibitisha kwamba namba ipo, tarehe ni sahihi, na siku mshahara ukiingia kadi itafanya kazi.

Kwa hiyo duka linaloandika kwenye kioo "tarehe ya kadi si sahihi" linamfundisha mwizi kazi. Kadi nyingi zina uhai usiozidi miaka mitano, yaani miezi 60. Mwenye namba anayeambiwa tarehe imekosewa anahitaji majaribio yasiyozidi 60 kuipata. Ile namba ya siri ya tarakimu tatu nyuma ya kadi ina uwezekano 1,000 tu. Akiambiwa kimoja kimoja, kazi nzima ni majaribio 1,060 kwa wingi wake. Akiambiwa tu "malipo hayakukubaliwa" bila kujulishwa kipi kimekosewa, anabaki na 60 mara 1,000, yaani 60,000. Sentensi moja kwenye kioo ndiyo inayoamua kati ya hesabu hizo mbili.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walilionyesha jambo hili mwaka 2016. Waligundua kwamba maduka ya mtandaoni hayaombi taarifa zilezile: mengine yanataka namba na tarehe tu, mengine yanaongeza tarakimu tatu, mengine na anwani. Mwizi anaweza kukisia tarehe kwenye maduka ya aina ya kwanza, kisha akahamia ya pili kukisia zile tarakimu tatu, akiyasambaza majaribio machache machache kwenye maduka mengi ili kila duka lione jambo la kawaida. Kwenye majaribio yao mtandao wa Visa wa wakati ule haukuyaunganisha makisio yaliyotoka tovuti mbalimbali, ilhali wa Mastercard uliyagundua kabla hayajafika kumi, hata yalipotawanywa. Tofauti ilikuwa mahali pa kuhesabia. Duka moja linaona kipande tu. Aliye katikati anaona yote.

Turudi kwenye duka letu. Linaomba namba na tarehe peke yake, kosa ambalo bado lipo kwenye maduka mengi yanayotaka kumrahisishia mteja. Kuanzia saa 02:14 hadi 02:25, kifaa 7c1e kilifanya majaribio 46 kwa kadi 43 tofauti. Kadi tatu zilirudiwa kwa tarehe nyingine. Majaribio 44 yalikataliwa, mawili yakakubaliwa. Vocha zote zilikuwa za dola 1, kwenda namba mbili za simu. Mama wa Maskati, kwa upande wake, alilipa kwa kadi moja kwa dakika 38, kwa viwango tofauti, kwa namba tisa za simu, na alikataliwa mara moja tu alipokosea tarehe.

Weka hizo mbili kando kwa kando, na kanuni inayofaa inajiandika yenyewe. Usihesabu oda. Hesabu kadi tofauti kwa kila kifaa ndani ya dakika kumi, na uhesabu majaribio yote, yaliyokataliwa kwanza kabisa. Ukisema kifaa kikileta kadi ya nne ndani ya dakika kumi kisimamishwe, mwizi wetu anasimama kwenye mstari wa nne wa orodha ile, sekunde 43 baada ya kuanza. Mama hagusiki, hata angekuwa na ndugu thelathini. Kipimo cha pili ni sehemu ya majaribio yanayokataliwa: kwa mama ni 1 kati ya 10, kwa mwizi ni 44 kati ya 46. Duka halali haliwezi kuishi kwa kukataliwa malipo tisa kati ya kumi, hivyo namba hiyo ikipanda ghafla kwa duka zima, hata kama hujajua kifaa gani, kuna mtu anakujaribia kadi.

Hizo dakika kumi nazo zihesabiwe kurudi nyuma kutoka kila oda inapoingia. Mifumo mingi ya haraka huhesabu kwa saa kamili, kuanzia 02:00 hadi 03:00, kisha inaanza sifuri. Mwizi anayelijua hilo anaweka majaribio matatu saa 02:58 na mengine matatu saa 03:01, na mfumo unaona matatu na matatu, kumbe ni sita ndani ya dakika tatu.

Mpaka hapa tumesema "kifaa" kana kwamba kila simu ina jina lililoandikwa usoni. Ukweli ni mgumu kidogo, na wengi huharibu kazi hapa. Tovuti haiioni simu yenyewe. Inaona alama tatu: faili dogo la kuki ambalo tovuti yenyewe ilikiachia kivinjari, anwani ya mtandao ambayo ombi limetokea, na sifa za kivinjari, kama toleo lake, lugha, saa za eneo, ukubwa wa kioo na aina za herufi zilizomo. Kuki hufutwa kwa mguso mmoja, kwa hiyo mwizi huifuta kila baada ya oda. Zile sifa zikijumlishwa huwa kitambulisho chenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya Electronic Frontier Foundation ya Marekani ilipochunguza vivinjari vya watu waliojitolea mwaka 2010, asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko wa sifa ambao haukufanana na mwingine wowote kwenye kundi lile.

Lakini hizo zilikuwa nyingi kompyuta za watu wa Ulaya na Marekani, kila moja na herufi na nyongeza zake. Kwetu mteja wa kawaida anatumia simu ya Android ya bei nafuu, ya toleo lilelile lililouzwa kwa maelfu Kariakoo na Luthuli, Nairobi, yenye kioo kilekile, lugha ileile na saa zilezile. Simu mbili za namna hiyo huonekana mapacha. Na anwani ya mtandao haisaidii kuzitenganisha, kwa sababu kampuni za simu hazina anwani za kutosha kila mteja apewe yake. Mamia ya wateja hutoka kwa anwani moja ya pamoja. Mwenye duka anayeifungia anwani hiyo kwa hasira saa nane usiku anaamka asubuhi mtaa mzima hauwezi kununua vocha kwake, naye hajui.

Kwa hiyo alama moja isihukumu. Kuki mpya, pekee, haina maana. Anwani moja, pekee, haina maana. Kuki mpya kila sekunde 14, kutoka anwani moja, kwa sifa zilezile, kwa kiasi kilekile, kadi zikiwa na tarakimu sita za mwanzo zinazofanana, zote zikipeleka vocha kwenye namba mbili: hapo huhitaji tena kubishana. Tarakimu za mwanzo za kadi zina uzito wa pekee, maana zinataja benki iliyoitoa. Wateja halisi wa duka la ughaibuni wana kadi za benki za Omani, Uingereza, Marekani, Emirati, zimechanganyika. Usiku ambao kadi 43 zote ni za benki moja ndogo ya nchi ambayo hujawahi kupata mteja wake, anayezileta ni mmoja, hata akibadili vifaa kumi.

Na atabadili. Kanuni ya kadi nne kwa dakika kumi akishaigundua, ataleta kadi tatu kila robo saa, au atakodi kompyuta nyingi zilizoambukizwa ili kila jaribio litoke kifaa kipya. Hapo kipimo cha kifaa kinaisha nguvu, na duka linabaki na vile vipimo vingine: wapokeaji wanaojirudia, tarakimu za mwanzo za kadi, barua pepe zilizotungwa kwa mpangilio mmoja, kiwango cha kukataliwa kwa duka zima. Yeye anaweza kubadili chochote isipokuwa lengo lake, nalo ni kujaribu kadi nyingi kwa gharama ndogo. Ufuatilie lengo hilo hata kifaa kikipotea.

Kuna watu waaminifu ambao hata kanuni nzuri itawakuta. Fikiria duka la mhamiaji kule Muscat au Leicester, ambako kijana wa kaunta ana kompyuta kibao moja, na kila mteja anayeingia analipia vocha ya nyumbani kwa kadi yake mwenyewe. Kadi nyingi, kifaa kimoja, oda ndogo: kwa mfumo ni picha ya mwizi. Ukichungulia ndani unaona tofauti. Karibu zote zinakubaliwa, nafasi kati yake hazilingani, usiku ni kimya, wapokeaji hawajirudii. Kifaa cha namna hiyo mwenye duka akipigie simu, akihakiki, akisajili kama wakala, kisha akiwekee kiwango chake. Kisa kingine cha kila siku ni mtandao dhaifu: mtu anabonyeza "lipa", kioo kinaganda, anabonyeza tena na tena. Zinaingia oda tano ndani ya nusu dakika, kadi moja, kiasi kimoja, mpokeaji mmoja. Huo si ulaghai, ni tovuti iliyojengwa bila kuzuia oda kurudiwa, na anayepaswa kurekebishwa ni mjenzi wake.

Kwa sababu ya watu hawa, kufungia kusiwe hatua ya kwanza. Kadi ya nne ikifika, duka liombe benki imtumie mwenye kadi namba ya uthibitisho kwenye simu yake. Mteja halali anaipata na kuendelea. Mwizi mwenye namba ya kadi bila simu ya mwenyewe anakwama hapo. Ni sababu hiyohiyo malipo ya M-Pesa na wenzake hayafai sana kwa mchezo huu, kwa kuwa kila muamala unamtaka mwenye simu aingize namba yake ya siri. Duka linaweza pia kuichelewesha vocha yenye shaka kwa dakika chache hadi mtu aitazame. Kwa vocha hilo lina maana kubwa kuliko kwa viatu: kiatu unaweza kukizuia kabla hakijapanda basi, vocha ikishaingia kwenye simu hairudi.

Zile oda mbili zilizokubaliwa nazo zisiachwe. Wenye maduka wengi huona dola 2 na kusema ni mauzo. Wiki au miezi baadaye mwenye kadi analalamika benki yake, na kwa kawaida ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Benki inamrudishia fedha na kuzidai kwa duka, pamoja na ada ya mlalamiko. Ada hiyo hutofautiana. Tuichukulie kuwa dola 15. Oda mbili za dola 1 zimegeuka deni la dola 32, na vocha zimeshatumika. Programu ile ingeachwa iendelee kwa mwendo uleule hadi saa mbili asubuhi ingefanya majaribio zaidi ya 1,400, na malalamiko yakizidi kiwango, kampuni ya malipo inaweza kulifungia duka lisipokee kadi kabisa. Dawa ni kurudisha fedha mwenyewe asubuhi hiyohiyo, kabla mlalamiko haujafunguliwa, na kuitaarifu kampuni ya malipo ikiwa na orodha ya saa na kadi. Taja kwenye barua kama saa hizo ni za Afrika Mashariki au za dunia, maana seva nyingi huandika saa tatu nyuma, na benki ikitafuta 02:14 kumbe kwenye vitabu vyake ni 23:14 ya jana, haitaona kitu.

Benki ya Tesco ya Uingereza inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kanuni ikishaandikwa kazi imekwisha. Usiku wa Jumamosi tarehe 5 Novemba 2016, wezi walianza kuzitumia namba za kadi za wateja wake, na ndani ya saa 48 waliondoka na pauni milioni 2.26. Hilo halikuwa duka la mtandaoni, ila mlango ulikuwa uleule: namba zilizokisiwa kwa programu, na benki yenyewe ilikuwa imetoa kadi zenye namba zinazofuatana. Mfumo wa onyo ulifanya kazi, wateja walianza kupiga simu, lakini waliokuwa zamu walituma barua pepe kwenye sanduku la kitengo cha ulaghai badala ya kumpigia simu mhusika, na saa 21 zikapita kabla hawajawasiliana. Walipoandika kanuni ya kuzuia miamala kutoka Brazil, waliweka msimbo wa sarafu ya yuro mahali pa msimbo wa nchi, na kanuni haikuzuia kitu, wala hakuna aliyeangalia mara moja kama inazuia. Mwaka 2018 mamlaka ya fedha ya Uingereza iliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 16.4.

Kwa hiyo mwenye duka, ukishaweka kanuni yako, ijaribu siku hiyohiyo: chukua kumbukumbu za mwezi uliopita, uzipitishe, uone ingewashika nani. Ikiwashika akina mama wa Idd, ibadilishe. Ikiwa haimshiki yeyote, kagua kama kweli imewashwa. Na uandike ukutani namba ya simu ya mtu mmoja wa kupigiwa saa nane usiku.

Nawe msomaji usiye na duka, kadi yako ndiyo inayojaribiwa. Ukiona ujumbe wa benki wa dola 1 au shilingi elfu mbili kwenda kwa muuzaji usiyemjua, usisubiri kiasi kikubwa kifuate. Ipigie benki saa hiyohiyo kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, omba kadi ifungwe na itolewe nyingine yenye namba mpya.